Ncha mbili, kona moja: jedwali la wagombea na namna ya kulijaza

Swali lilikuwa fupi. Tafuta thamani kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote za fanksheni hii:

f(x) = 2x³ − 9x² + 12x

x inaanzia 0 inaishia 3, na ncha zote mbili zimo. Niliwaachia vijana wa kidato cha sita wanaokuja kwangu jioni, hapa Majengo, Moshi, kwa ajili ya tuisheni, nikatoka kwenda kununua maandazi. Niliporudi, wanane kati ya tisa walikuwa wameshafunga madaftari. Jibu lao lilikuwa moja: kubwa ni 5, ndogo ni 4.

Chukua kikokotoo uweke x = 3. Unapata 54 kutoa 81 kujumlisha 36, yaani 9. Weka x = 0, unapata 0. Kwa hiyo kuna 9 juu ya ile "kubwa kuliko zote" na kuna 0 chini ya ile "ndogo kuliko zote", na hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyeziona.

Kilichonisumbua ni kwamba hesabu yao haikuwa na kosa. Walidifarensheti vizuri wakapata f'(x) = 6x² − 18x + 12, wakaigawa ikawa 6(x − 1)(x − 2), wakaona mwinamo unakuwa sifuri pale x = 1 na x = 2. Wakarudi kwenye f, wakapata f(1) = 5 na f(2) = 4. Wawili walijisumbua hata kudifarensheti mara ya pili ili wathibitishe kwamba ya kwanza ni kilele na ya pili ni bonde. Kila mstari ulikuwa sahihi. Ila walikuwa wamejibu swali ambalo hawakuulizwa.

Ukisimama mjini hapa asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, unaviona vilele viwili: Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Mtu aliyefika juu ya Mawenzi, mita 5,149, akikanyaga upande wowote anashuka. Hicho ni kilele, hakuna ubishi. Lakini jirani yake Kibo ana mita 5,895, na akiulizwa kilele cha mlima mzima hakuna atakayemtaja Mawenzi. Ndivyo ilivyo 5 ya vijana wangu: ni kilele cha kitongoji. Sasa fikiria safari ya mtu anayetoka mjini mpaka Uhuru. Sehemu ya chini kabisa ya safari hiyo haimo kwenye bonde lolote la njiani. Ni pale alipoanzia, mjini, ambapo njia imeshaanza kupanda na wala haijatulia. Ukiitafuta sehemu hiyo kwa kuuliza "mwinamo ni sifuri wapi?" hutaipata mpaka kesho.

Ndiyo maana tunatengeneza jedwali. Hatutafuti vilele na mabonde. Tunakusanya wagombea wote wanaostahili kusimama, tunawapima mmoja mmoja, halafu tunasoma nani ana namba kubwa na nani ana ndogo. Kazi yote ipo kwenye kuhakikisha hakuna aliyeachwa nje, na hakuna aliyeingia bila kustahili.

Wanaostahili ni akina nani, basi? Hapa wengi hukariri, na kinachokaririwa husahaulika mtihani ukikaribia. Afadhali uione sababu yenyewe. Shika nukta yoyote iliyo ndani ya kipande chako, yaani x zote kutoka ncha moja mpaka nyingine, siyo kwenye ncha zenyewe, na tuseme pale mwinamo upo na ni chanya. Maana yake ukisogea kulia kidogo sana unapanda, ukisogea kushoto kidogo sana unashuka. Tayari nukta hiyo imeshindwa pande zote mbili: ina jirani aliye juu yake na jirani aliye chini yake, hivyo haiwezi kuwa ya juu kabisa wala ya chini kabisa. Mwinamo ukiwa hasi hali ni ileile, umebadilisha pande tu. Kwa hoja hii moja umewafuta karibu watu wote kwenye kipande.

Nani ameponea? Wa kwanza ni yule ambaye mwinamo wake ni sifuri, kwa sababu hoja yetu ilihitaji uwe chanya au hasi. Wa pili ni yule ambaye mwinamo wake haupo kabisa, kwa mfano pale grafu inapovunjika kama kiwiko. Wa tatu ni wale wawili wa kwenye ncha, kwa kuwa kwa wao upande mmoja wa kusogea haupo. Mwinamo wao unaweza kuwa chanya au hasi kadiri upendavyo na bado wakashinda. Hakuna kundi la nne.

Hoja hii ya mwinamo inahusishwa na Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17 aliyefanya hisabati pembeni ya kazi yake. Lakini hoja yenyewe inafuta tu. Haisemi kwamba mshindi yupo. Kwa hilo tunategemea jambo jingine lililothibitishwa karne ya 19 na Bolzano wa Praha, kisha Weierstrass wa Berlin: fanksheni isiyokatika, juu ya kipande kilichofungwa ncha zote mbili, lazima iifikie thamani yake kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote. Ukiunganisha mawili hayo, jedwali linakuwa na nguvu. Mshindi yupo, na hawezi kuwa nje ya makundi yale matatu. Basi kumpata ni kulinganisha namba tu.

Turudi kwenye swali letu. Mwinamo wa fanksheni hii upo kila mahali, kwa hiyo kundi la pili ni tupu. Wagombea ni wanne.

| x | ameingiaje | f(x) |
|---|---|---|
| 0 | ncha | 0 |
| 1 | mwinamo sifuri | 5 |
| 2 | mwinamo sifuri | 4 |
| 3 | ncha | 9 |

Kubwa kuliko zote ni 9, pale x = 3. Ndogo kuliko zote ni 0, pale x = 0. Zote mbili zimetoka kwenye ncha, na wale wawili wa katikati waliotutoa jasho hawakupata kitu. Ile kazi ya kudifarensheti mara ya pili nayo haikuhitajika. Yenyewe inakwambia kama nukta ni kilele au bonde la kitongoji, na kwenye jedwali hakuna anayeuliza hilo.

Safu ya katikati mimi naisisitiza, ingawa vijana huiona kama mapambo. Ukiandika kila mgombea ameingiaje, unajikagua mwenyewe: nimeandika ncha zote mbili? Nimetafuta pale mwinamo usipokuwepo, au nimeruka?

Sasa yule wa tisa, binti aliyekuwa hajafunga daftari. Yeye alikumbuka ncha. Jedwali lake lilikuwa na x zote nne, na safu ya mwisho aliijaza hivi: 12, 0, 0, 12. Akaniambia, "Mwalimu, mbona kubwa zimekuwa mbili na zinafanana?" Alikuwa ameziingiza x kwenye f' badala ya f. Kosa hili ni la kawaida sana, kwa sababu dakika tano zilizopita macho yalikuwa kwenye f' na mkono umeizoea. Ukitaka kujua kama umelifanya, angalia wale walioingia kwa mwinamo sifuri: wakisoma sifuri wote, umeziingiza x kwenye fanksheni isiyo yake. f' inakupa majina. Kura zinahesabiwa kwenye f.

Kabla ya kuiacha fanksheni hii nikawabadilishia kipande. Badala ya 0 mpaka 3, chukua 0.5 mpaka 2.5. Nukta 1 na 2 bado zimo ndani. Ncha mpya zinatoa f(0.5) = 4 na f(2.5) = 5. Jaza jedwali: 4, 5, 4, 5. Darasa likanyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama swali limekosewa. Halijakosewa. Thamani kubwa kuliko zote ni 5 na ni moja tu; inafikiwa sehemu mbili, x = 1 na x = 2.5. Ndogo ni 4, inafikiwa x = 0.5 na x = 2. Thamani haiwezi kuwa mbili. Mahali panaweza kuwa pawili, kumi, au zaidi. Ukiulizwa mahali, taja pote.

Angalia pia kilichotokea: fanksheni ni ileile, mwinamo ni uleule, na jibu limegeuka kabisa kwa sababu tu kipande kimefupishwa. Kipande ni sehemu ya swali sawa na fanksheni yenyewe. Hilo halionekani uzito wake mpaka uingie kwenye tatizo lenye pesa.

Tuseme kuna tangi la maji huko Kibosho, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mita 120 kutoka barabarani ukienda moja kwa moja. Nyumba inayohitaji maji ipo kandokando ya barabara hiyohiyo, mita 200 kutoka pale ambapo mstari wa tangi unakutana na barabara. Kuchimba ndani ya kihamba ni shughuli: mawe, mizizi ya migomba, na mikahawa ambayo mwenyewe hataki iguswe. Fundi anataka shilingi 5,000 kwa mita humo ndani, na 3,000 kwa mita kandokando ya barabara. Bei hizi nimezichagua ili hesabu isomeke, usije ukaenda nazo dukani.

Bomba linaweza kukata kihamba mshazari, litokee barabarani mita x kutoka pale kwenye makutano, kisha lifuate barabara mita 200 − x zilizobaki. Urefu wa mshazari ni kipeuo cha pili cha x² + 14,400, kwa kanuni ya Pithagorasi. Gharama ni:

G(x) = 5,000 √(x² + 14,400) + 3,000 (200 − x)

Na x ipo kati ya 0 na 200. Zingatia kwamba ncha hizi hazikuwekwa na mtunga mtihani. Zimewekwa na ardhi: x = 0 ni kukata kihamba moja kwa moja mpaka barabarani halafu kuifuata barabara, na x = 200 ni kukata mshazari mpaka mlangoni bila kugusa barabara. Zaidi ya hapo hakuna maana.

Mwinamo wa G ni 5,000x ukigawa kwa √(x² + 14,400), kutoa 3,000. Ukiulinganisha na sifuri unapata 5x = 3√(x² + 14,400). Zidisha kila upande kwa wenyewe: 25x² = 9x² + 129,600, yaani x² = 8,100, yaani x = 90. Mshazari hapo ni mita 150 kamili.

| x | ameingiaje | G(x), shilingi |
|---|---|---|
| 0 | ncha | 1,200,000 |
| 90 | mwinamo sifuri | 1,080,000 |
| 200 | ncha | karibu 1,166,190 |

Safari hii wa katikati ameshinda. Bomba litokee barabarani mita 90 kutoka kwenye makutano, na mwenye nyumba anaokoa shilingi 120,000 akilinganisha na njia ya kona ya mraba ambayo wengi wangeichimba bila kufikiri.

Sasa jirani. Nyumba yake ipo barabara ileile, lakini mita 70 tu kutoka kwenye makutano. Kila kitu kingine hakijabadilika. Mtu mwenye haraka anachukua fomula, anafuta 200 anaandika 70, anadifarensheti, na anapata x = 90 tena, kwa kuwa ile 200 ilikuwa imekaa peke yake na ilipotea wakati wa kudifarensheti. Anajaza jedwali:

| x | ameingiaje | G(x), shilingi |
|---|---|---|
| 0 | ncha | 810,000 |
| 70 | ncha | karibu 694,622 |
| 90 | mwinamo sifuri | 690,000 |

Anasoma: ndogo kuliko zote ni 690,000, x = 90. Ukimwambia aeleze, namba zinamtetea. Amezihesabu sawa na kweli 690,000 ni ndogo kuliko 694,622. Mpe fundi mchoro huo, atakuuliza: nitoke barabarani mita 90, halafu nirudi mita 20 kwenye nyumba? Na hizo mita 20 za kurudi nani analipa?

Ndipo unapoiona hila ya fomula. Pale x ikiwa 90, 70 − x inakuwa hasi 20, na fomula inazidisha 3,000 kwa hasi 20. Inasoma kana kwamba fundi anakurudishia shilingi 60,000 kwa bomba lililochimbwa kinyumenyume. Ukihesabu kihalali, kwenda mita 150 na kurudi 20 ni 750,000 kujumlisha 60,000, yaani 810,000. Mgombea huyu hakustahili kusimama. 90 ipo nje ya kipande cha 0 mpaka 70. Mfute kabla hujampima, maana ukishampima anaweza kukushawishi, kama alivyotaka kufanya hapa.

Akishafutwa, jedwali linabaki na ncha mbili tu, na mshindi ni x = 70: bomba linyooke kutoka tangini mpaka mlangoni, barabara isiguswe kabisa. Ndani ya kipande hiki hakuna sehemu ambayo mwinamo ni sifuri, gharama inashuka tangu mwanzo mpaka mwisho, na jibu bado lipo. Anayedhani kwamba kukosa mwinamo sifuri ni kukosa jibu hapa atakwama bure.

Kuna aina nyingine ya kosa ambayo jedwali halikusaidii kuigundua, na hii inabidi uikamate kabla hujaanza. Chukua f(x) = 1/x, kipande cha −1 mpaka 1. Difarensheti: −1/x². Haiwi sifuri popote. Ncha zinatoa −1 na 1. Mtu anajaza jedwali la mistari miwili, anasoma kubwa ni 1 na ndogo ni −1, anapiga mstari chini. Jaribu x = 0.01: unapata 100. Jaribu 0.0001: 10,000. Haina kubwa kuliko zote, na kwa upande wa hasi haina ndogo kuliko zote. Fanksheni imekatika pale sifuri, mshindi hayupo, lakini jedwali limetaja mshindi kwa sauti ileile linayotumia siku zote. Jedwali ni la kulinganisha tu. Kuthibitisha kwamba kuna mshindi si kazi yake.

Kwa hiyo mstari wangu wa kwanza ubaoni huwa ni kuangalia kama fanksheni inakatika ndani ya kipande. Kama kuna sehemu kama ile 1/x, namba ya chini inaweza kuwa sifuri? Kama kuna logi, ndani yake kunaweza kufika sifuri au chini ya hapo? Kama kuna tanjenti, kipande kinavuka nyuzi 90? Sekunde chache zinatosha. Vilevile ncha: ukiambiwa x ni zaidi ya 0 na pungufu ya 3, bila ncha zenyewe, ile fanksheni yetu ya mwanzo inaisogelea 9 kadiri unavyotaka na haiifikii. Haina kubwa kuliko zote, na 5 haiwezi kupandishwa cheo kwa sababu mkubwa hayupo.

Vijana wakishaelewa kukatika, wanaanza kuogopa kila kinachoonekana kibaya kwenye grafu, pamoja na kona. Hapo inabidi kutenganisha. Kukatika ni pale unapolazimika kuinua kalamu. Kona ni pale kalamu inapogeuka ghafla bila kuinuliwa. Kona inaruhusiwa kabisa, fanksheni haijakatika, mshindi yupo. Kinachokosekana ni mwinamo kwenye nukta hiyo moja, na ndilo lile kundi la pili ambalo mpaka sasa limekuwa tupu. Nina tatizo moja ninalolipenda kwa kundi hili, kwa sababu ndani yake mwinamo hauwi sifuri popote.

Nyumba tatu zipo kando ya barabara moja ya kijiji. Ya kwanza ipo mita 0, ya pili mita 300, ya tatu mita 1,200. Wanataka kuweka tangi moja kando ya barabara hiyo, na kila nyumba ivute bomba lake yenyewe kutoka tangini, kwa sababu kila mmoja anataka mita yake ya kupimia maji na hakuna anayetaka kugombania bili. Tangi likae wapi ili jumla ya bomba iwe ndogo kuliko zote?

Nikiuliza darasani, nusu wanasema katikati ya barabara, mita 600. Wajanja wanachukua wastani: 0, 300 na 1,200 ni 1,500, gawa kwa tatu, mita 500. Tuhesabu. Tangi likiwa mita x, jumla ya bomba ni

J(x) = |x| + |x − 300| + |x − 1,200|

na x ipo kati ya 0 na 1,200. Mwinamo wake huhitaji kanuni yoyote kuupata. Lisogeze tangi mita moja kulia na uangalie. Likiwa kati ya nyumba ya kwanza na ya pili, nyumba ya kwanza inaongeza mita moja ya bomba, mbili nyingine zinapunguza mita moja kila moja. Jumla inashuka kwa mita 1. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, mbili zinaongeza na moja inapunguza: jumla inapanda kwa mita 1. Kwa hiyo mwinamo ni −1, kisha ghafla ni 1. Haupiti kwenye sifuri hata kidogo. Anayeandika J'(x) = 0 na kusubiri jibu atasubiri sana.

| x | ameingiaje | J(x), mita |
|---|---|---|
| 0 | ncha, na kona | 1,500 |
| 300 | kona | 1,200 |
| 1,200 | ncha, na kona | 2,100 |

Ndogo kuliko zote ni mita 1,200, na tangi linakaa mlangoni kwa nyumba ya pili. Ukiliweka mita 500 kwa wastani wa wajanja, jumla ni 500 na 200 na 700, yaani 1,400. Wamepoteza mita 200 za bomba. Ukiliweka 600 wamepoteza 300. Na ukiisogeza nyumba ya tatu mpaka mita 5,000, jibu halibadiliki, tangi linabaki palepale mita 300. Wastani ungekimbia kuifuata nyumba ya mbali. Kona haijali nyumba ya tatu iko mbali kiasi gani. Inachotaka kujua ni ngapi zipo kulia kwake na ngapi kushoto.

Nilipowauliza nani hajaridhika, yule binti wa safu ya 12, 0, 0, 12 akanyoosha mkono. "Mwenye nyumba ya pili anaweza kukataa, Mwalimu. Tangi litamkalia mlangoni, litamzibia na jua la kuanikia kahawa."

Nikamwambia aongeze nyumba ya nne, mita 800, halafu ajaze upya. Alianza na kusogeza tangi, kama tulivyofanya. Kati ya mita 300 na 800 sasa kuna nyumba mbili kushoto na mbili kulia. Mbili zinaongeza, mbili zinapunguza, mwinamo ni sifuri. Siyo kwenye nukta moja, ni kwenye kipande kizima cha mita 500. Akasita, kalamu hewani, kwa kuwa wagombea walikuwa hawahesabiki na jedwali lake lilikuwa na mistari sita tu. Nikamwambia kipande kilicholala kinatoa thamani moja, hivyo mwakilishi mmoja anatosha. Akaweka 300, akapata 300 na 0 na 500 na 900, jumla 1,700. Akaweka 800 kuhakikisha: 800, 500, 0, 400, jumla 1,700. Akaweka ncha, 0 na 1,200, akapata 2,300 na 2,500.

Kisha, bila kuambiwa, akajaribu 450: 450, 150, 350, 750. Akajumlisha mara mbili. "1,700," akasema, na akachora tangi dogo ubaoni mita 150 kutoka kwenye mlango wa nyumba ya pili, na pembeni yake jamvi la kahawa likiwa juani.